Kaka mmoja wa grupu hajaleta sehemu yake, kazi inapelekwa Ijumaa. Nisaidieni hii barua pepe kabla sijaituma

Pangani_Mashariki · Jumatatu, saa 3:40 usiku

Wakuu habari za usiku. Niko mwaka wa tatu, mipango miji, na ni kiongozi wa grupu la watu sita. Kazi yetu ni utafiti mdogo wa namna kaya za mtaa mmoja zinavyopata maji bomba likikatika. Tulihoji kaya 60 kwa madodoso ya karatasi. Ina alama 15 kati ya zile 40 za kabla ya mtihani, na mfumo unafungwa Ijumaa hii 23:59.

Sura ya 4, yaani matokeo, ni ya kaka mmoja nitakayemwita F. Sura nyingine zimefika zote, japo ya 5 ni mapengo matupu kwa sababu mjadala haujadiliwi bila matokeo. F. hajaleta hata mstari, na tangu Ijumaa iliyopita hajibu kitu kwenye grupu la wotsapu. Anasoma, tiki za bluu tunaziona, halafu kimya.

Nimeandika barua pepe hii. Nilitaka kuituma kwake, nakala kwa wenzetu wanne na kwa mhadhiri. Naomba macho yenu kwanza.

> Mada: MUHIMU SANA!!!
>
> Habari kaka F. Kama unavyojua kazi inatakiwa Ijumaa na mpaka sasa ni wewe peke yako hujaleta chochote. Tumekukumbusha mara nyingi lakini siku zote unakaa kimya na inaonekana hujali jasho la wenzako. Wote tumechoka. Tafadhali jitahidi ulete sehemu yako mapema iwezekanavyo, la sivyo nitalazimika kufuta jina lako na kukupeleka kwa mhadhiri. Asante kwa ushirikiano wako.

Naongeza moja: F. amenizidi umri. Mimi nina miaka 22, yeye ana 36, alikuwa mtendaji wa kijiji kabla ya kuja chuo. Kumwandikia hivi mkono unakuwa mzito, lakini nimeishiwa njia.

---

Nyundo · saa 3:52 usiku

Dada, unajichosha. Futa jina. Mtu mzima wa miaka 36 haelekezwi kama mtoto wa shule ya msingi. Mnaandika kwenye Google Docs? Ingia `File > Version history > See version history`, utaona kila aliyegusa na saa aliyogusa. Piga picha ya skrini, mpe mhadhiri, lala.

---

Meneja_Zamu · saa 4:05 usiku

Hapo unaanza na barua ya kumtaka ajieleze kwa maandishi ndani ya saa 48, asiporidhisha unatoa onyo la kwanza. Usiruke hatua, kesho atakwambia hakusikilizwa. Mimi nimesimamia zamu miaka tisa, nimeona kesi zimegeuka kwa sababu meneja aliruka barua moja tu. Nakala iende kwa afisa rasilimali watu.

---

Pangani_Mashariki · saa 4:09 usiku

Meneja nashukuru, ila hii ni asaimenti ya chuo, si kazini. Sina mamlaka ya kumpa onyo mtu, ni mwanafunzi mwenzangu.

---

Meneja_Zamu · saa 4:14 usiku

Nimekuelewa, nilisoma "kiongozi wa grupu" nikafikiri kiongozi wa timu kazini. Hilo la kumsikiliza kwanza bado nalishikilia, lakini hizo saa 48 hamna.

---

Mkufunzi_wa_Zamani · saa 4:31 usiku

Nimesimamia kazi za vikundi kwa miaka mingi, nimepokea barua za aina hii nyingi kila semista. Kabla sijagusa yako nijibu maswali matatu.

Madodoso 60 yaliyojazwa yako kwa nani? Mlimwambia nini hasa kuhusu tarehe, kwa maneno gani, na lini? Na kuna mtu yeyote amempigia simu, au yote yamekwenda kwa grupu?

---

Pangani_Mashariki · saa 4:44 usiku

Madodoso yako kwake yote. Tulimkabidhi boksi siku ya mwisho ya kuhoji, wiki tatu zilizopita, ayaingize kwenye Ekseli.

Ujumbe nilioweka kwenye grupu nauweka hapa kama ulivyo: "Jamani sura zote ziwe tayari usiku wa Ijumaa tuunganishe." Halafu Ijumaa saa 1 asubuhi nikaandika: "Jana ndiyo ilikuwa mwisho. Kaka F. bado wewe tu na mwingine mmoja, tunakusubiri." Yule mwingine akaleta mchana wake.

Simu hatukupiga. Tuliona kama anasoma na hajibu, simu ataipokea kwa nini.

---

Bibi_Mkubwa_Tanga · saa 4:58 usiku

Mwanangu, wewe ni wa Pangani, na umeliandika kosa lako mwenyewe bila kuliona. "Usiku wa Ijumaa" kwetu ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Jua likizama Alhamisi, usiku unaoingia ni wa Ijumaa. Kwa hiyo wewe Ijumaa asubuhi uliona muda umekwisha. Wenzako waliotoka bara, usiku wa Ijumaa kwao ni ule unaokuja baada ya mchana wa Ijumaa. F. ni wa wapi?

---

Pangani_Mashariki · saa 5:03 usiku

Geita. Na yule aliyeleta mchana ni wa Kigoma.

Subhanallah. Sikuwahi kulifikiria hili.

---

Bibi_Mkubwa_Tanga · saa 5:10 usiku

Basi uliposimama mbele ya watu watano saa 1 asubuhi ukamtaja kwa jina, yeye alikuwa anajua ana siku nzima mbele yake. Mimi nilifanya hivyo kwenye shughuli ya mwanangu: nilimwambia mpishi wa Iringa aje usiku wa Jumapili, nikamngoja Jumamosi usiku mzima na mchele wangu umelowekwa. Alikuja Jumapili jioni, saa waliyokuwa wageni wanaondoka. Alikasirika yeye, nikakasirika mimi, na kila mmoja alikuwa na haki yake. Tangu hapo naandika tarehe na saa, na nasema "Jumamosi jioni".

---

Nyundo · saa 5:15 usiku

Sawa, tumpe hiyo Ijumaa yote. Leo Jumatatu usiku. Jumamosi, Jumapili na Jumatatu zimekwenda wapi? Kutoelewana kwa siku moja hakufuti siku tatu za kimya.

---

Mkufunzi_wa_Zamani · saa 5:37 usiku

Nyundo hapo kuna ukweli, siku tatu ni zake. Lakini kwenye Google Docs amekosea. Historia ile inaonyesha nani aliandika ndani ya waraka ule. Kazi ya F. wiki tatu hizi ilikuwa kuingiza takwimu kwenye Ekseli, kwenye mashine yake, na hata angeingiza dodoso zote 60 humo kusingeonekana kitu. Mimi nimewahi kuletewa picha za skrini kama hizo dhidi ya binti aliyekuwa anaandika kila kitu kwenye daftari, anachapa siku ya mwisho na kubandika. Kwa waraka, alifanya kazi dakika mbili.

Sasa barua. Dada, swali la kwanza ni unataka nini kirudi. Umeandika "sehemu yako". Sehemu yake ni vitu vitatu tofauti: boksi la madodoso, faili la Ekseli kwa hali lilipofikia, na sura iliyoandikwa. Sura mnaweza kuiandika bila yeye. Faili mnaweza kulitengeneza upya kwa shida. Boksi hamna namna. Akizima simu Alhamisi na boksi liko chumbani kwake, kazi yote ya watu sita imefungiwa humo. Kwa hiyo boksi ndilo linaombwa kwanza, faili la pili, sura ya tatu, na ya tatu unaweza hata kuiachia.

Pili, maneno. "Jitahidi" na "mapema iwezekanavyo" yanasikika makali lakini yamemwachia mlango wazi: mtu anaweza kujitahidi mpaka Jumapili na hajavunja neno lako. Na upande wa pili umeandika "siku zote" na "hujali". Siku zote si kweli, alihoji kaya zake wiki tatu zilizopita kama nyinyi, na kujali ni jambo la moyoni hujaliona. Akijibu, atajibu hayo mawili, mtabishana juu ya moyo wake na boksi litabaki pale pale. Andika kilichoonekana tu: tulikubaliana hiki, tarehe hii, bado hakijafika.

Tatu, nakala kwa mhadhiri. Ukimweka kwenye barua ya kwanza, F. hasomi tena barua yako, anaanza kujitetea kwa mhadhiri. Barua ya kwanza ni ya watu wawili. Hata hao wanne usiwaweke.

Nne, kufuta jina. Mwongozo wa kozi yenu unasemaje? Kama haujampa kiongozi mamlaka hayo, umetishia kwa kitu usicho nacho, na mtu aliyekuwa mtendaji wa kijiji atalijua hilo kabla hajamaliza sentensi.

---

Pangani_Mashariki · saa 5:49 usiku

Nimeufungua mwongozo sasa hivi. Unasema kila grupu liambatishe ukurasa wa mchango wa kila mwanachama, umesainiwa na wote, na "migogoro iripotiwe kwa mhadhiri kabla ya siku ya kuwasilisha". Kufuta jina hakuna.

---

Mkufunzi_wa_Zamani · saa 5:55 usiku

Hiyo "kabla" iwekee alama. Malalamiko yakinifikia Jumatano naweza kumwita mtu, kuongeza siku, kugawa upya. Yakinifikia Jumatatu baada ya kusahihisha ninabaki na maneno ya watano dhidi ya mmoja, na simkati mtu alama kwa maneno ya upande mmoja.

---

Tulia_Tu · Jumanne, saa 1:20 asubuhi

Naandika kwa sababu mimi nimewahi kuwa huyo F.

Ilikuwa mwaka wa pili, sehemu yangu ilikuwa mapitio ya maandiko. Wiki ya kwanza nilichelewa kwa uvivu tu, nakiri. Ya pili nikafungua nikaona sijui pa kuanzia. Kuanzia hapo kila ujumbe wa grupu ulikuwa unaongeza deni. Nilikuwa najiambia nisijibu "bado", nitajibu siku nitakayokuwa na kitu cha kutuma. Na kila siku iliyopita kitu hicho kilitakiwa kiwe kikubwa zaidi ili kifidie kimya. Nilikuwa nasoma kila ujumbe, usiku narudia kuzisoma.

Kilichonitoa ni ujumbe wa kiongozi wetu, wa kwangu peke yangu: "Nitumie ulichonacho, hata kama ni kurasa mbili za penseli, piga picha." Nilikuwa na kurasa tatu. Nilituma baada ya dakika kumi. Angeniomba sura iliyokamilika ningeendelea kukaa kimya.

Sijitetei. Wenzangu walibeba mzigo wangu na nilipata alama sawa na wao, jambo ambalo mpaka leo naona halikuwa haki.

---

Nyundo · saa 1:41 asubuhi

Nakuheshimu kwa kusema. Ila umenipa hoja yangu mwenyewe: alama sawa.

---

Kalamu_Nyeusi · saa 2:05 asubuhi

Mbona hakuna anayeuliza lugha? Chuo kinaendeshwa kwa Kiingereza. Barua ikifika kwa mhadhiri kama ushahidi inatakiwa iwe Kiingereza. Andika Kiingereza tangu mwanzo.

---

Bibi_Mkubwa_Tanga · saa 2:30 asubuhi

Mtoto wa miaka 22 akimwandikia kaka yake wa miaka 36 kwa Kiingereza, ameshamwambia "hapa tumefika ofisini". Shikamoo ataiweka wapi? Kwa Kiswahili anaweza kumpa heshima yake yote na bado akamwambia saa kamili. Na mhadhiri huyo hajui Kiswahili?

---

Kalamu_Nyeusi · saa 2:36 asubuhi

Anajua, lakini rasmi ni rasmi. Mimi yamenikuta: niliambatisha ujumbe wa Kiswahili kwenye malalamiko, nikaambiwa nikautafsiri na niapishe tafsiri. Siku mbili zimekwenda.

---

Mkufunzi_wa_Zamani · saa 3:10 asubuhi

Kwangu nisingekudai tafsiri, lakini siwezi kusemea chuo kingine. Mimi ningeandika barua ya F. kwa Kiswahili na ile ya mhadhiri, ikihitajika, kwa Kiingereza, ikitaja tarehe ya ile ya kwanza. Kalamu anaweza kuona vingine na sina cha kumpinga nacho.

---

Pangani_Mashariki · saa 4:15 asubuhi

Nimekaa nayo tangu alfajiri. Hii ya pili:

> Mada: Boksi la madodoso na faili la Ekseli, kesho Jumatano saa 12 jioni
>
> Shikamoo kaka F.,
>
> Nakuandikia wewe peke yako. Kwanza naomba radhi kwa ujumbe wangu wa Ijumaa asubuhi kwenye grupu. Niliandika "usiku wa Ijumaa" nikiwa na maana ya Alhamisi jioni, na nimetambua jana kwamba wengi hamkuelewa hivyo. Sikupaswa kukutaja mbele ya wenzetu.
>
> Hali ilivyo: sura za 1, 2 na 3 zimekamilika. Sura ya 5 inasubiri majedwali ya Sura ya 4. Mfumo unafungwa Ijumaa saa 5:59 usiku.
>
> Naomba vitu viwili kabla ya kesho Jumatano saa 12 jioni: boksi la madodoso yote 60, na faili la Ekseli kama lilivyo, hata kama umeingiza dodoso kumi. Usilisafishe wala kulipanga. Boksi naweza kulifuata mwenyewe popote ulipo, niambie tu saa.
>
> Kama kuna jambo limekukwamisha, si lazima unieleze ni jambo gani. Niambie tu kama utaweza kuandika Sura ya 4 au tuigawane. Lolote kati ya hayo mawili ni sawa kwangu, nikilijua kesho.
>
> Nisipopata jibu kufikia saa hiyo, Alhamisi saa 3 asubuhi nitamjulisha mhadhiri kwamba madodoso hatunayo, kwa sababu mwongozo unataka tatizo liripotiwe kabla ya kuwasilisha. Nimeona nikuambie wewe kwanza.
>
> Mdogo wako,
> kiongozi wa grupu

---

Nyundo · saa 4:22 asubuhi

Radhi ndiyo imeanza mbele? Mdaiwa ataona anadaiwa yeye au unadaiwa wewe?

---

Bibi_Mkubwa_Tanga · saa 4:40 asubuhi

Iache hapo hapo. Ni kosa lake la kweli, na amelisema kwa mistari mitatu akaondoka. Angelirudia chini mara ya pili ndipo ningesema linampunguzia.

---

Mkufunzi_wa_Zamani · saa 4:58 asubuhi

Ni barua nzuri. Mada imebeba kitu na saa, kwa hiyo hata akiiona kwenye kioo cha simu bila kuifungua amejua anachoombwa. Sehemu ya mhadhiri umeitaja kama hatua yenye sababu na saa, na ni hatua iliyo mikononi mwako kweli.

Badilisha kimoja. Hakikisha kila saa ina tarehe pembeni yake. "Kesho" inategemea atafungua lini. Akifungua Jumatano, kesho ni Alhamisi. Andika Jumatano, tarehe ngapi, saa 12 jioni, na mbele yake 18:00. Ni mambo yale yale ya usiku wa Ijumaa.

Ukishatuma, mpigie simu. Usianze kumweleza yaliyomo, mwambie umemtumia barua pepe na ungependa aisome. Wanafunzi wengi barua pepe hawafungui hata wiki.

Halafu swali la pembeni: mnawasilisha kwenye Moodle?

---

Pangani_Mashariki · saa 5:06 asubuhi

Ndiyo, Moodle. Nimebadilisha tarehe, nimetuma. Kwa nini unauliza?

---

Mkufunzi_wa_Zamani · saa 5:20 asubuhi

Kwa sababu kuna mpangilio mhadhiri anaweza kuuwasha unaoitwa `Require all group members submit`. Ukiwa umewashwa, hata wewe ukipakia faili na kubonyeza kuwasilisha, kazi inabaki rasimu mpaka kila mwanachama aingie kwa akaunti yake na kubonyeza pia. Kiongozi anaona faili lake liko pale, anafunga kompyuta kwa amani, kumbe halijawasilishwa. Ingia kwenye asaimenti yenu, pakia hata ukurasa mmoja wa majaribio kama rasimu, bonyeza kuwasilisha uone. Kama umewashwa, utaona `Users who need to submit:` na majina.

Fanya hivyo tu kama mfumo unakuruhusu kuhariri baadaye. Kama huna uhakika, muulize mhadhiri leo, ni swali la kawaida kabisa na halimtaji mtu.

---

Pangani_Mashariki · saa 8:30 mchana

Nimeuliza. Umewashwa. Wote sita lazima wabonyeze.

Kwa hiyo ningefuta jina lake kwenye jalada, bado ningemhitaji Ijumaa usiku abonyeze.

Simu nimempigia mara mbili, hajapokea. Nimemwachia ujumbe wa kawaida: "Kaka, nimekutumia barua pepe, naomba uisome."

---

Nyundo · saa 8:37 mchana

Hilo la kubonyeza sikulijua. Nalirudisha neno langu la kufuta jina. La alama silirudishi.

---

Pangani_Mashariki · Jumatano, saa 2:50 usiku

Nawapa mrejesho.

Alipiga simu leo saa 4 asubuhi. Alianza na "marahaba mdogo wangu", kisha akanyamaza kidogo. Chaja ya laptopu yake iliungua wiki mbili zilizopita. Amekuwa akiingiza takwimu kwenye steshenari moja karibu na soko, kwa kulipia kwa saa, jioni akitoka kwenye kibarua. Ameingiza dodoso 38. Hakusema kwa sababu, maneno yake, "mtu mzima nitawaambiaje watoto nimeshindwa chaja". Ijumaa alikuwa amepanga kukaa steshenari kutwa nzima amalize, akaona jina lake kwenye grupu asubuhi ile, akashindwa kuinua kichwa.

Boksi alilileta mwenyewe saa 10 jioni. Flashi ilikuwa ndani ya bahasha ya khaki, juu yake ameandika kwa kalamu "38, zimebaki 22", na zile 22 amezifunga kwa utepe mwekundu peke yake. Tulikaa watatu, mmoja anasoma wawili tunaandika kwa zamu, dodoso moja dakika sita hivi. Tulimaliza zote 22 kabla ya saa 2 usiku, F. akiwa ndiye msomaji, maana mwandiko wa wahojaji anaujua kuliko sisi.

Kuna shida moja. Kwenye zile 38, swali la 11, umbali wa kwenda kisimani, baadhi ameandika kwa dakika na baadhi kwa mita ndani ya safu moja. Tumegundua kwa sababu kaya moja ilisomeka 15 na jirani yake 600. Kosa ni la dodoso letu, halikusema kipimo, lakini inabidi turudie karatasi zote 60 kwa swali hilo.

---

Mkufunzi_wa_Zamani · saa 3:15 usiku

Rudieni, fanyeni safu mbili, ya dakika na ya mita, kila jibu liende kwake. Msigeuze dakika kuwa mita kwa kukisia mwendo wa mtu mwenye ndoo. Na mliandike kwenye Sura ya 3 kama upungufu wa dodoso.

---

Tulia_Tu · saa 3:22 usiku

Nimesoma hiyo ya bahasha mara mbili. Mwambieni, akikubali, kwamba kuna mtu humu amepita hapo.

---

Nyundo · saa 3:40 usiku

Nimefurahi boksi limerudi. Sasa ule ukurasa wa mchango. Utaandika nini mbele ya jina lake?

---

Pangani_Mashariki · saa 3:58 usiku

Tumebishana humo chumbani. Wawili wanasema aandikwe sawa na wengine. Mmoja anasema Sura ya 4 itaandikwa na watatu kwa hiyo isomeke hivyo. F. mwenyewe kasema: "Andikeni nilichofanya, kisizidi." Nafikiria kuandika: ukusanyaji wa takwimu kaya 10, uingizaji wa madodoso 38, usomaji wa 22, Sura ya 4 kwa pamoja na wawili. Bila asilimia.

---

Nyundo · saa 4:02 usiku

Na kuchelewa?

---

Mkufunzi_wa_Zamani · saa 4:20 usiku

Ukurasa ule unauliza mchango, hauulizi tabia. Mimi ningeandika kama alivyosema na kumwachia mhadhiri. Lakini najua wahadhiri ambao wangetaka kuchelewa kutajwe, na Nyundo akisoma kwao angekuwa sahihi.

---

Pangani_Mashariki · Ijumaa, saa 4:47 usiku

Tumepakia saa 3:30. Watano tumebonyeza. `Users who need to submit:` ilibaki na jina la F. kwa dakika arobaini, simu yake haikuwa na bando. Yule wa Kigoma alimfuata na simu yake mpaka chumbani, F. akaingia kwa akaunti yake humo. Saa 4:12 ikaandika `Submitted for grading`.

Ukurasa wa mchango umesainiwa na sita. Mstari wa F. umebaki kama alivyosema mwenyewe. Yule mwenzetu mmoja amesaini, lakini ameniambia Jumatatu atakwenda kumwona mhadhiri kwa upande wake, na sijamzuia.